Shikamoo isiyoitikiwa: uonevu wa wakubwa kazini na kazi ya meneja

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa kata yetu ya Olasiti. Walionisikia waliniomba niiandike ili na wale waliokuwa kazini siku ile waipate. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema, nimepunguza utani tu na maneno ya kujirudia.)

Nimeombwa niongee kuhusu haki za kazini, na mwenyekiti alitegemea nitakuja na sheria nzima kuanzia kifungu cha kwanza. Sitafanya hivyo. Nikiangalia humu ndani naona watu wa kampuni za utalii, dada wawili wa mashamba ya maua kule Usa River, vijana wa hoteli, walimu wa shule binafsi, na wengine mnajitolea kwenye ofisi fulani mjini bila mshahara mkisubiri muajiriwe. Nyie wote mnajua bosi anayetukana. Huyo hana haja ya kuelezewa, kila mtu anamsikia mpaka mlinzi wa getini. Mimi nataka kuongea kuhusu yule asiyetukana. Na nitaongea zaidi na ninyi mlio mameneja au wasimamizi, hata kama unasimamia watu watatu tu, maana jambo hili likizimwa mapema linazimwa na meneja. Likifika kwa wanasheria, mara nyingi kila mtu ameshapoteza.

Nitatumia kisa kimoja. Ni cha dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ameniruhusu nikisimulie bila jina lake na bila jina la kampuni. Ni kampuni ya utalii upande huu wetu wa magharibi ya jiji, watu kumi na wanne ofisini ukitoa madereva. Dada alikuwa na miaka 24, kazi yake ni buking: anaongea na loji, anaandaa vocha, anahakikisha mgeni akitua KIA dereva yupo na jina lake limeandikwa sawasawa. Juu yake kulikuwa na mkuu wa oparesheni, mtu mzima, ana miaka kumi na moja pale, anajuana na mawakala wote wa nje. Ofisini walimwita Mzee. Na juu ya wote wawili alikuwepo meneja, kijana tu, msomi, mtu mwema kabisa. Kumbukeni huyo meneja, maana kisa hiki ni chake kuliko cha Mzee.

Mwezi Machi, kwenye kikao cha simu na wakala wa nje, Mzee alitaja bei ya kikundi fulani, na dada akasema kwa heshima kabisa kwamba loji ya Karatu imehesabiwa mara mbili. Alikuwa sahihi. Mzee akacheka, akasema asante mwanangu, kikao kikaendelea. Hapakuwa na ugomvi wowote, ndiyo maana baadaye hakuna aliyekumbuka mwanzo wake.

Wiki iliyofuata dada akaingia asubuhi, akasema shikamoo, Mzee hakuitikia. Akadhani hajasikia. Kesho yake tena. Aliyemfuata nyuma akasema shikamoo, Mzee akaitikia marahaba, hujambo, watoto wazima? Hali ikaendelea hivyo kila siku. Sasa hebu jiweke kwenye nafasi ya dada. Unaenda kwa meneja unasema nini? "Mzee haitikii shikamoo yangu"? Utaonekana mtoto. Na sisi wote tunajua shikamoo kuachwa hewani mbele ya watu ni kitu kizito kiasi gani, lakini hakiandikiki kwenye barua ya malalamiko.

Halafu yakaja mengine. Mgeni akibadilisha ndege au kuongeza siku Ngorongoro, wakala anamwandikia Mzee, na Mzee anamtumia dereva na mhasibu. Dada anajua baadaye, dereva anapompigia kuuliza vocha iko wapi. Ijumaa saa kumi na moja kasoro robo jioni analetewa kazi ya bei ya kikundi cha watu kumi na wawili, inatakiwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na kule kwenye loji mtu wa bei ameshaondoka na atarudi Jumatatu hiyo hiyo. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi anaitwa "Profesa". Kila mtu anacheka, hata yeye anacheka. Wageni wa msimu wa nyumbu Serengeti, ambao alikuwa amewashughulikia tangu mwanzo, wakahamishiwa kwa mwenzake bila maelezo, naye akapewa kupanga mafaili ya miaka iliyopita. Akiomba ruhusa anaambiwa sawa kwa mdomo, siku ikifika anaulizwa nani amekuruhusu. Akiuliza kosa lake ni nini anajibiwa "wewe hujui kazi", na akiuliza kazi ipi, hapati jibu.

Mnaona? Chukua tukio lolote peke yake, lina maelezo. Mzee ana mawazo mengi, hakusikia salamu. Amesahau kumweka kwenye barua pepe. Ijumaa wakala ndiye aliyechelewa. Profesa ni utani. Kwa hiyo meneja akipima tukio moja moja, kila mara atafika mahali pale pale: hakuna kitu hapa. Ukitaka kuona uonevu wa namna hii lazima uyaweke matukio kwenye mstari mmoja na uulize maswali mawili. La kwanza, haya yanampata nani? La pili, yameanza lini? Kama mabadiliko ya wageni yanachelewa kwa watu wote, una mkuu wa oparesheni asiye na mpangilio, mpe msaidizi. Yakichelewa kwa mtu mmoja tu, na yalianza wiki moja baada ya mtu huyo kumsahihisha mkubwa mbele ya mteja, una kitu kingine kabisa.

Wasomi wa mambo haya wamelifikiria jambo hili muda mrefu. Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Sweden, ndiye aliyelieleza kwa kina miaka ya 1980. Kwenye utafiti wake alihesabu mtu kuwa anaonewa kama vitendo hivyo vinampata angalau mara moja kwa wiki, kwa miezi sita au zaidi. Mwaka 1993 Sweden ikatoa kanuni ya kumtaka mwajiri azuie jambo hilo kazini. Ila nawaomba msichukue ile miezi sita kama kipimo cha meneja. Kile kilikuwa kipimo cha mtafiti, anayetaka awe na uhakika kabla ya kuandika. Meneja akisubiri miezi sita hatakuwa na mtu wa kumsaidia. Makubaliano Namba 190 ya Shirika la Kazi Duniani, yaliyopitishwa Geneva Juni 2019, yanasema hata tukio moja linaweza kutosha. Na yanawahusu pia wanaojitolea na walio kwenye mafunzo ya kazi. Nalisema hili kwa sababu walio chini kabisa ndio wanaopatikana kirahisi. Mwaka 2018, Kamisheni ya Umoja wa Afrika pale Addis Ababa ilipochunguza malalamiko ya wafanyakazi wake wanawake kuhusu unyanyasaji, ilionekana waliokuwa hatarini zaidi ni wa mikataba mifupi, vijana wa kujitolea na walio kwenye mafunzo. Ni watu ambao kesho yao iko mkononi mwa bosi.

Nirudi ofisini kwa dada. Meneja alikuwa hajaletewa malalamiko yoyote, lakini dalili zilikuwa mezani kwake. Dada alianza kukosea vocha, kitu ambacho hakuwa nacho. Meneja akasema amelegea. Alianza kuomba ruhusa ya kuumwa, na ukihesabu, nyingi ni Jumatatu. Kwenye kikao cha asubuhi akawa haongei kabisa, mtu ambaye mwezi Februari ndiye alikuwa anauliza maswali. Mchana wenzake wanaenda kwa mama ntilie wakiwa kundi, yeye anabaki mezani na chapati, maana watu wakishaona upepo unavuma wapi wanajitenga taratibu, hata wasipoambiwa. Na kubwa kuliko yote: kile kiti cha buking kilikuwa kimekaliwa na watu watatu ndani ya miaka miwili. Wawili wa kwanza waliondoka kwa "sababu binafsi". Meneja alikuwa na barua zao kwenye faili. Kama unasimamia ofisi na watu wanaondoka sehemu moja, chini ya mtu mmoja, fungua faili hilo kabla hujatangaza nafasi tena.

Hapa mtu mmoja atasema, dada Olasiti unataka wakubwa wasiwe wakali. Hapana. Mimi nimesimamiwa na mtu mkali sana nikiwa kwenye mafunzo ya vitendo, alinirudishia hati moja mara tano, mara ya nne nililia chooni. Lakini aliniambia aya ipi ina makosa, na ni makosa gani. Alimrudishia kila mtu, hata yule mpwa wake. Na niliporekebisha, lilikwisha, kesho yake alinipa nyingine ngumu zaidi. Mkali anakuonyesha kosa na unaweza kutoka. Mwonevu hakupi mlango wa kutokea, "hujui kazi" haina marekebisho. Na angalia pia kazi inaelekea wapi: mkali anakuongezea kazi ya maana, mwonevu anakupunguzia mpaka ubaki na mafaili, au anakupa ile isiyowezekana ili ushindwe.

Niseme na hili, hata kama litawaudhi baadhi yenu. Nchi hii tumezoea kuona kiongozi anamsimamisha mtumishi mbele ya kamera na wananchi, anamuuliza maswali kwa kufoka, watu wanapiga makofi. Tukaita ni uchapakazi. Na upande wetu tunapiga kelele kweli ikifanywa na wao. Lakini nimekaa kwenye vikao vyetu sisi, nimeona kijana wa kujitolea anatukanwa na mkubwa wa kamati kwa sababu ya bendera kumi zilizochelewa, tukakaa kimya wote, na mimi nikiwemo. Yule kijana hajarudi tena. Kwa hiyo ninaposema meneja, simaanishi mwenye tai peke yake.

Sasa, meneja wa dada alifanya nini? Mwezi Mei dada alijikaza, akamwambia. Meneja alisikiliza vizuri, akasema "pole sana, hili ni jambo la kuongea tu tuyamalize". Kesho yake akawaita wote wawili ofisini kwake, akafunga mlango, akasema kuna kutoelewana kidogo, sisi ni familia, kila mmoja aseme lililo moyoni. Mzee akasema yeye hana tatizo na huyu binti, anampenda kama mwanawe, labda kuna mahali amemkosea bila kujua. Dada akatetemeka, akataja ile shikamoo. Ikasikika vile vile kama alivyoogopa. Mwisho meneja akasema, basi wewe ni mdogo, mwombe Mzee samahani tuendelee. Akaomba. Wakashikana mikono.

Meneja aliondoka pale akijua ametatua tatizo. Ni mtu mwema, nimeshasema. Alifanya kile ambacho wazee wetu wangefanya kwa majirani wawili waliogombania mpaka wa shamba. Lakini majirani wako sawa. Hapa mmoja anamwandikia mwenzake tathmini ya mwisho wa mwaka. Ukiwakalisha pamoja, wa chini hawezi kusema, na wa juu anajifunza kitu kimoja muhimu: sasa anajua amesemwa, na anajua kwamba kusemwa hakuna madhara. Wiki mbili baada ya kikao kile dada alihamishiwa mapokezi, "ili kupunguza msuguano". Aliyelalamika ndiye aliyehamishwa. Ofisi nzima ilisoma ujumbe huo bila kuandikiwa.

Nimeulizwa, angefanyaje? Nimeongea na watu wawili wanaosimamia rasilimali watu hapa mjini na nimesoma pia, hivi ndivyo ninavyoona.

Kwanza asingesubiri Mei. Mwezi Aprili, alipoona vocha za makosa na zile Jumatatu, angemwita dada peke yake, na si kwenye chumba cha kioo ambacho Mzee anakiona kutoka mezani kwake. Angeweza hata kwenda naye kukagua loji, gari ni mahali pazuri pa kuongea. Na asiulize "kuna shida gani kati yako na Mzee?" Swali hilo linalifanya jambo kuwa ugomvi wa watu wawili, na mtu mwenye hofu atajibu hakuna. Aulize mambo ya kazi yenye jibu: yule mgeni aliyeongeza usiku mmoja, wewe ulipata taarifa siku gani? Nani alikupa? Na wale wa wiki iliyopita? Ukiuliza hivyo mara tatu nne, picha inajitokeza yenyewe bila mtu kulazimika kusema neno "ananionea".

Na asimwahidi siri ya milele. Hili tunalikosea sana. Unamwambia mtu "halitoki hapa", halafu anakuambia jambo ambalo ukikaa nalo kimya wewe mwenyewe unakuwa na kosa. Mwambie ukweli: sitafanya lolote kabla sijakuambia, na sitataja jina lako pale ninapoweza kutolitaja, lakini nikisikia jambo la hatari nitalazimika kuchukua hatua.

Halafu aende kwenye kumbukumbu. Hii ni kazi ya jioni moja. Sisi na dada baadaye tulikaa na simu yake na daftari, tukachukua wiki sita. Mabadiliko ya wageni wake yalikuwa tisa. Saba aliyajua kutoka kwa dereva au mhasibu. Mwenzake wa meza ya pili aliandikiwa moja kwa moja kila mara. Meneja angekuwa na barua pepe zote, angeliona hilo kwa nusu saa. Tisa na saba si shikamoo. Hicho ni kitu unaweza kukiweka mezani mbele ya mtu wa miaka kumi na moja kazini.

Ndipo amwite Mzee, peke yake, ndani ya siku chache, wala si mwisho wa mwezi. Na hapa kuna namna. Usimwambie "wewe ni mwonevu", atatumia saa nzima kujitetea yeye ni mtu wa namna gani, atakuletea na mashahidi. Mwambie kilichotokea: nimepitia wiki sita, mabadiliko saba kati ya tisa hayakumfikia mtu wa buking, na vocha nne zilikosewa kwa sababu hiyo. Nimeona mimi, kwenye kumbukumbu. Kuna sababu? Kisha nyamaza umsikilize kweli, maana wakati mwingine ipo sababu. Kuna mkubwa ambaye amezidiwa, au anaogopa kwamba hawa vijana wa kompyuta wanakuja kumwondoa, na hajui anachofanya. Huyo ukimwambia mapema, kwa heshima, anaweza kabisa kuacha. Hii ndiyo faida ya kuwahi: mwezi wa kwanza bado mtu anaweza kubadilika bila kuaibika. Mwezi wa sita ameshajenga hadithi kichwani kwamba binti yule ni mbaya, na ofisi nzima inamtazama atashindwa au atashinda.

Majibu utakayopata nawaambia kabisa: sisi tulilelewa hivi hivi, vijana wa siku hizi ni wepesi kuumia, mimi ndiye ninayeleta wateja hapa. Hilo la tatu ndilo linalowashinda mameneja. Usilijadili. Rudi kwenye jambo: kuanzia leo mabadiliko yote ya wageni yanakwenda kwenye anwani moja ya barua pepe ambayo buking, mhasibu na mimi tunaiona. Ruhusa zote naidhinisha mimi, kwa maandishi. Kazi za wiki tunagawana Jumatatu asubuhi mbele ya wote. Na kwenye kundi la ofisi, watu wanaitwa kwa majina yao. Ukiangalia, hakuna hata kimoja hapo kinachomtegemea Mzee awe mtu mzuri. Umemwondolea vifaa tu, na mageuzi hayo yanasaidia ofisi hata kama ulikosea kuhusu nia yake.

Baada ya hapo andika nusu ukurasa, tarehe, mliongea nini, mlikubaliana nini, weka kwenye faili. Rudi kwa dada baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Usimuulize "mambo shwari?", atasema shwari. Uliza tena yale maswali ya kazi. Kisasi kinakuja kwa upole: tathmini inashuka, zamu ya likizo inaondoka, anaachwa kwenye safari ya kukagua hoteli. Ukiona hivyo, mazungumzo ya upole yamekwisha, unaingia kwenye hatua rasmi za nidhamu, onyo la maandishi na kuendelea. Na kuna mambo ambayo hayaanzi kabisa na mazungumzo ya upole: kushikwa mwili, kuombwa ngono, kupigwa, kutishiwa maisha. Hayo moja kwa moja ni uchunguzi rasmi, na mengine ni polisi. Msije mkasema niliwaambia muongee kwanza.

Sasa sheria, kwa kifupi, maana kuna mtego hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza unyanyasaji wa mfanyakazi kama aina ya ubaguzi. Lakini lazima uhusiane na mojawapo ya sababu zilizotajwa: jinsia, ujauzito, umri, kabila, dini, ulemavu na kadhalika. Makamanda, maoni ya kisiasa yamo pia kwenye orodha hiyo, wengi hamjui. Ukionyesha ushahidi wa awali kwamba sababu ni mojawapo ya hizo, mwajiri ndiye anabeba mzigo wa kuthibitisha vinginevyo. Ila Mzee hakumwonea dada kwa kabila wala chama. Alimwonea kwa sababu alimsahihisha. Uonevu wa hivyo haujatajwa wazi kwa jina lake kwenye kifungu hicho, na huo ni upungufu mkubwa.

Mlango unaobaki ni kifungu cha 36. Kinasema mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, kule kuacha kunahesabika kama kuachishwa. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, kanuni ya 7, zinaongeza sharti: uwe umetumia kwanza njia zilizopo za kulalamika, isipokuwa kama una sababu nzuri ya kutozitumia. Kwa hiyo malalamiko yako kwa meneja, yakiwa na tarehe, yanaweza kuwa ndiyo kesi yako baadaye. Na ukimya wa meneja pia unaingia kwenye kesi. Ukiacha una siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapa Arusha. Na kama huna miezi sita kazini, ulinzi huo wa kuachishwa isivyo halali haukuhusu, ingawa ule wa ubaguzi unakuhusu tangu siku ya kwanza.

Dada aliandika barua ya kuacha kazi mwezi Julai. Mstari mmoja: "kwa sababu binafsi". Alitaka aondoke bila maneno, apate barua nzuri ya kumtambulisha kwingine. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza, nilimsaidia kuchapa ile barua, nikarekebisha hata nukta. Sikujua kwamba kwa maneno yale matatu tulikuwa tunajifungia mlango wa kifungu cha 36 kwa mikono yetu. Faili la kampuni sasa lina barua tatu zinazofanana.

Kwenye maswali, kaka mmoja wa nyuma aliuliza: na kama anayeonea ndiye mwenye kampuni, meneja amwite nani? Swali hilo lilinikaba. Meneja hawezi kumpa mwenye kampuni onyo. Anachoweza ni kile cha vifaa: ruhusa zipite kwake, maagizo yaje kwa maandishi, kazi igawanywe mbele ya watu, na awepo chumbani mwenye kampuni anapomwita mfanyakazi mdogo. Anaweza pia kumpelekea hesabu ya watu walioondoka na gharama ya kufundisha wapya kila msimu wa wageni unapokaribia, maana hiyo ni lugha ambayo mwenye kampuni huwa anaisikia. Ikishindikana, amwambie mfanyakazi wazi kwamba imeshindikana, asimpe matumaini ya uongo, na ampe nakala ya kila malalamiko aliyoyapokea, yakiwa na tarehe na sahihi yake. Mfanyakazi naye, kama kuna chama cha wafanyakazi pale, aende huko kabla hajagusa kalamu ya kuandika barua ya kuacha. Na akiandika, aandike sababu yenyewe.

Dada mwingine aliuliza kuhusu kurekodi simu kwa siri. Nilimwambia swali hilo linahitaji jioni yake, kwa sasa awe na daftari: tarehe, saa, kilichosemwa, aliyekuwepo, na aandike siku hiyo hiyo kabla hajalala.